Kupandisha Mwendo wa Wimbo Kuelekea Kiitikio cha Mwisho Bila Kuvunja Mdundo



Kila aliyewahi kuhudhuria Misa ya upadirisho au ya jubilei anaifahamu sehemu hii. Komunyo imekwisha, kwaya inasimama kuimba wimbo wa shukrani. Beti zinaimbwa kwa utulivu, na kadiri wimbo unavyokaribia mwisho ngoma zinachangamka, vigelegele vinapaa, mwendo unaongezeka na watu wanaanza kucheza. Mara nyingine jambo hili linafanyika vizuri hata hakuna anayetambua ni wapi mwendo ulianza kuongezeka. Mara nyingine, katikati ya kiitikio cha mwisho, maneno hayasikiki tena, ngoma iko mbele, kinanda kiko nyuma, akina mama waliokuwa wakipiga makofi wameshusha mikono, na kwaya inamaliza wimbo peke yake kama inayokimbizwa.

Wimbo unaweza kuwa uleule na kwaya ileile. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni namna mwendo ulivyopandishwa. Katika makala hii nitaeleza namna hiyo hatua kwa hatua, nikitumia mfano mmoja: wimbo wa shukrani wa mahadhi ya sita kwa nane, ambayo ni ya kawaida sana katika kwaya zetu, wenye beti tatu na kiitikio cha vipimo nane. Kipimo ni lile kundi la mapigo lililo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota. Kila kipimo cha wimbo wetu kina mapigo makubwa mawili, na kila pigo kubwa lina mapigo madogo matatu ndani yake.

Mwendo na mdundo si kitu kimoja

Mwendo ni idadi ya mapigo makubwa katika dakika moja. Tukisema wimbo unakwenda kwa 96, tunamaanisha mapigo makubwa 96 kwa dakika, na hivyo kila pigo linachukua sekunde 0.625. Mdundo ni kitu kingine. Ni uwiano wa sauti zinazojaza nafasi kati ya pigo na pigo: kayamba inayosaga mapigo madogo sita, ngoma kubwa inayokanyaga mapigo mawili, ngoma ndogo inayoingia katikati yao, besi wa kwaya wanaosukuma chini, na miguu ya wachezaji inayotua pamoja. Mwendo unaweza kubadilika na mdundo ukabaki vilevile, kama sehemu zote zitasogea pamoja kwa uwiano uleule. Mdundo unavunjika pale sehemu moja inapobana na nyingine haijabana.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anapotafakari juu ya wakati, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuimba wimbo anaoujua. Kabla hajaanza, matarajio yake yameuelekea wimbo wote. Anapoanza, kila sehemu inayopita inatoka kwenye matarajio na kuhamia kwenye kumbukumbu, hadi wimbo wote umalizike. Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kulijadili jambo hilo darasani, lakini mpiga ngoma analifahamu kwa mikono yake. Anayecheza au kupiga makofi hasubiri alisikie pigo ndipo apige. Angefanya hivyo angechelewa daima. Anapiga pale anapotarajia pigo litokee, na anatarajia kwa sababu anakumbuka nafasi iliyopita. Kwa hiyo mwendo ukiongezeka kidogo sana kila mara, matarajio ya watu yanajirekebisha bila wao kujua, na wote wanaendelea kukutana. Mwendo ukiruka ghafla, kila mmoja anatarajia pigo mahali pake, na kwa vipimo viwili vitatu hakuna wanaokutana.

Kuruka si kosa katika kila muziki. Katika muziki wa dansi wa Kongo, wimbo huingia kwenye sebene kwa ishara inayofahamika, na wacheza dansi wanaijua na kuisubiri. Lakini kule bendi ina watu wachache walioizoea ishara hiyo. Kanisani unao watu mia kadhaa ambao wengine wanausikia wimbo kwa mara ya kwanza, na njia ya kuwachukua wote ni kupanda polepole.

Anza na kikomo

Makosa mengi huanzia hapa: kwaya inapanga mahali pa kuanzia kuongeza mwendo, lakini haijapanga itafika wapi. Mpiga ngoma anaongeza, waimbaji wanamfuata, naye anawasikia wameongeza, anaongeza tena. Hakuna anayekosea kwa makusudi, ila hakuna pia anayejua pa kusimama.

Kikomo kinawekwa na maneno. Tafuta kwenye kiitikio mahali penye silabi nyingi zaidi. Tuseme katika wimbo wetu kuna kipimo kimoja chenye silabi sita, yaani silabi moja kwa kila pigo dogo. Kwa mwendo wa 96, hapo waimbaji wanatamka silabi 4.8 kwa sekunde. Kwa 108 ni silabi 5.4. Kwa 120 ni silabi 6. Idadi hizo hazionekani kubwa kwa mtu anayezungumza, lakini anayeimba anabeba pia sauti, pumzi na hatua za mwili.

Chukua metronomu, hata ile programu ya simu, uwaambie waimbaji watamke kipimo hicho bila kuimba huku wakikanyaga hatua papo hapo. Waanze kwa 100, kisha 104, 108, 112, 116. Sikiliza konsonanti. Mara nyingi za kwanza kupotea ni zile zinazohitaji ulimi au midomo kufanya kazi mbili, kama "mbw", "ndw" na "shw". Ukisikia neno linaanza kuwa uji, umefika kwenye kikomo cha kwaya hiyo kwa wimbo huo. Tuseme kimekuja 112. Usiuweke mwendo wa mwisho hapo hapo. Siku ya Misa kuna joto, kuna msisimko, na kuna waamini ambao hawakuwapo kwenye mazoezi. Shuka hatua moja, uweke 108.

Kisha rudi nyuma utafute pa kuanzia. Kutoka 96 hadi 108 ni ongezeko la asilimia 12.5, nalo linatosha kabisa. Pigo dogo linapungua kutoka sekunde 0.208 hadi 0.185. Ni tofauti ndogo mno kwa saa, lakini mwili unaihisi, kwa sababu inajirudia mara sita katika kila kipimo. Kwaya inayotaka kuhisi imepanda zaidi isiongeze juu, bali ianze beti chini kidogo, kwa 92 kwa mfano, mradi wimbo usilale.

Ngazi yenyewe

Sasa tunazo 96 za beti na 108 za mwisho. Tunahitaji ngazi ya kupandia, na ngazi nzuri ina sehemu tatu.

Beti ya tatu inaimbwa yote kwa 96, bila kuguswa. Hapa wapiga ngoma huwa na hamu ya kuanza mapema, na hapa ndipo wanapopaswa kuzuiwa, kwa sababu kilichopandishwa mapema hakirudishiki chini bila watu wote kugundua.

Baada ya beti, kiitikio kinaimbwa mara ya kwanza. Katika vipimo vyake nane tunapanda kutoka 96 hadi 100, hatua moja kwa kila vipimo viwili. Hakuna msikilizaji atakayesema mwendo umebadilika. Atahisi tu kwamba wimbo umeamka. Kiitikio kinarudiwa mara ya pili, na kwa namna ileile tunapanda hadi 104.

Kisha waimbaji wananyamaza kwa vipimo vinne, na kunabaki ngoma, kayamba na makofi. Hapa tunapanda haraka zaidi, hatua moja kwa kila kipimo: 105, 106, 107, 108. Sababu ya kuweka sehemu yenye mwinuko mkali hapa ni kwamba hakuna maneno ya kuharibika, na waimbaji wanapata nafasi ya kuvuta pumzi na kuusikia mwendo mpya kabla ya kuingia ndani yake.

Kiitikio cha mwisho kinaanza kwa 108 na kinabaki 108 hadi neno la mwisho, hata kikirudiwa mara mbili au tatu. Hili ndilo jambo la msingi kuliko yote katika makala hii. Mwendo unapanda *kuelekea* kiitikio cha mwisho, haupandi *ndani* yake. Nguvu ambayo watu wanaihisi kiitikio kinapoingia inatokana na kufika: mdundo uliokuwa ukisogea umetua, kila mtu anajua pigo linalofuata litakuwa wapi, na anaweza kulikanyaga kwa nguvu zake zote. Mwendo ukiendelea kupanda ndani ya kiitikio, watu wanabaki wakiukimbiza.

Upandaji wote huo, tangu kiitikio cha kwanza hadi mwisho wa vipimo vinne vya ngoma, unachukua sekunde 24 hivi. Kwaya nyingi hujaribu kufanya kazi hiyo kwa sekunde tatu au nne.

Nani anashika usukani

Ngazi hii haiwezi kupandwa na watu wanne wanaoongoza kwa pamoja. Awepo mmoja, na ninapendekeza awe mpiga kayamba.

Sababu ni hii. Ngoma kubwa inapiga mara mbili tu katika kipimo. Ikiongeza mwendo, wengine wanalijua hilo baada ya zaidi ya nusu sekunde, pigo lake linalofuata linapowahi. Kayamba inasaga mapigo madogo sita katika kipimo hichohicho, kwa hiyo inawapa wengine habari mara tatu zaidi. Ongezeko linagawanywa vipande vidogo, na kila anayesikia anarekebisha kidogo badala ya kurekebisha sana kwa mara moja. Ngoma kubwa inakaa juu ya kayamba, besi wanakaa juu ya ngoma kubwa, na wengine wote wanakaa juu ya besi.

Mwalimu wa kwaya anamwongoza mpiga kayamba kwa mkono na macho. Hapa kuna mtego. Mwalimu akitaka nguvu, mikono yake hupanuka. Lakini mkono unaosafiri mbali unahitaji muda mrefu zaidi, na hivyo unavuta mwendo nyuma au unalegeza pigo. Mwendo unapopanda, ishara ya mkono inatakiwa ipungue ukubwa na ikaze kwenye kifundo. Nguvu aionyeshe usoni na kwa kusogea mwili mbele. Kwaya ikifika kwenye 108 na kutulia, ndipo anaweza kuufungua mkono tena.

Tena, kupiga kwa nguvu na kupiga haraka ni mambo mawili, ingawa mikono hupenda kuyaunganisha. Mpiga ngoma akiambiwa "changamsha", huongeza vyote viwili. Zoezi zuri ni kumwambia apige vipimo vinne kwa sauti kubwa bila kuongeza mwendo, kisha vipimo vinne kwa kuongeza mwendo bila kuongeza sauti. Akiweza kuvitenganisha, anaweza kuviunganisha kwa hiari yake.

Mdundo unavunjikia wapi

Mahali pa kwanza ni pigo dogo la tatu. Katika kila kundi la matatu, mkono unachoka kwenye la mwisho. Mwendo ukipanda, pigo hilo ama linamezwa, ama linachelewa na kugusana na pigo kubwa linalofuata. Badala ya kusikia mapigo matatu yaliyo sawa, unasikia kitu kinachochechemea. Watu wanaocheza hugundua kabla ya wanaosikiliza, kwa kuwa mguu unakosa nafasi ya kutua. Ukiona wachezaji wamefupisha hatua au watoto wa Utoto Mtakatifu wameanza kurukaruka badala ya kuyumba, nenda kasikilize pigo la tatu.

Dawa yake ni kupunguza mapambo kabla ya kupanda. Mpiga ngoma ndogo anayeweka vijipigo vingi kati ya mapigo madogo aviondoe tangu kiitikio cha kwanza cha ngazi, abaki na umbo la msingi, na avirudishe mwendo ukishatulia kwenye 108. Akisema wimbo utakuwa mtupu, mjibu, "Kaka, punguza vijipigo, mwendo uache ulivyo." Nafasi hiyo itajazwa na makofi ya waamini, ambayo ndiyo tunayoyatafuta.

Mahali pa pili ni mwisho wa mstari, kwenye noti ndefu. Waimbaji wanaihisi haraka inakuja, wanataka pumzi, kwa hiyo wanaikata noti kabla ya muda wake na kuingia mstari unaofuata mapema. Hapo mwendo hauongezeki kwa ngazi, unaruka. Ukisikiliza kwaya inayokimbia utagundua kwamba mara nyingi haikimbii kwenye maneno. Inakimbia kwenye nafasi kati ya maneno. Wafundishe waimbaji kupokezana pumzi: katika kila sauti, wale wa mstari wa mbele wapumue katikati ya mstari wa wimbo na wale wa nyuma wapumue mwishoni, ili noti ndefu ibaki imeshikwa. Wafundishe pia kuihesabu noti hiyo kwa mapigo madogo ya kayamba kimoyomoyo, wala wasiikadirie.

Mahali pa tatu ni kinanda. Kinanda kikiwa kinatumia midundo yake ya ndani, mdundo huo hausikii kwaya. Unabaki kwenye namba iliyowekwa, na ngoma ikipanda hata kwa hatua mbili, vyombo vimeachana. Mpiga kinanda anaweza kupandisha namba yeye mwenyewe kwa kitufe cha TEMPO na alama ya kuongeza, hatua moja kila zamu ya ngazi inapofika. Kabla ya hapo ahakikishe namba kwenye kioo inahesabu pigo lipi. Katika sita kwa nane, vinanda vingine huhesabu noti ya robo wala si pigo kubwa. Hapo 96 yetu itasomeka 144, na 108 itasomeka 162, hivyo hatua za kupanda zitakuwa 18 badala ya 12. Mpiga kinanda asiyelijua hili atapandisha hatua 12, aishie kwenye mwendo wa 104, huku ngoma ziko 108.

Njia nyepesi zaidi, kwa kwaya yenye wapiga ngoma wazuri, ni kuzima midundo ya kinanda mwishoni mwa beti ya tatu na kuendelea kwa mikono miwili tu. Ngoma za kweli zinachukua nafasi, na kubadilika kwa sauti hiyo peke yake kunawaambia watu kwamba wimbo umeingia sehemu nyingine.

Urefu wa kanisa

Kuna kizuizi kimoja ambacho mazoezi hayawezi kukiondoa. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kanisa likiwa na mita 34 kutoka kwaya hadi mlango mkuu, wimbo unawafikia waamini wa nyuma baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wao wanapiga makofi kwa usahihi kabisa kulingana na wanachosikia, na makofi yao yanachukua sehemu nyingine ya kumi kurudi. Kwaya inayasikia yamechelewa kwa sekunde 0.2.

Kwa mwendo wa 96, ambapo pigo dogo ni sekunde 0.208, makofi hayo yanaangukia karibu kabisa na pigo dogo linalofuata, na sikio linaweza kuyavumilia kama sehemu ya mdundo. Kwa 108 pigo dogo ni 0.185, na makofi yanaanza kuanguka nyuma yake, mahali pasipo na kitu. Ndiyo sababu katika makanisa marefu kwaya huhisi kama waamini "wanavuta" wimbo mwendo unapopanda. Hawavuti; umbali ndio unaovuta. Kwaya ikijaribu kuwafuata, mwendo utalegea. Ikijaribu kuwakimbia, itaachana nao.

Yafaa mambo mawili. Waimbaji na wapiga ngoma wakae karibu na waongozwe kwa macho, wasiongozwe na makofi ya mbali. Spika ziwekwe pia katikati au nyuma ya kanisa kama zipo, ili waamini wa nyuma waipate kayamba kutoka karibu. Zaidi ya hapo, kanisa refu lenye mwangwi mkali linadai kikomo cha chini. Kwaya iliyofika 108 vizuri ukumbini inaweza kulazimika kuishia 104 kanisani, na hakuna aibu katika hilo.

Kufanya mazoezi na kujipima

Mazoezi yaanzie mwisho. Imbeni kiitikio kwa 108, kikiwa baridi, bila kupandia popote, hadi kikae. Kwaya isiyoweza kukiimba kwa 108 tangu mwanzo haitaweza kukiimba ikiwa imefika hapo kwa kupanda. Kisha imbeni beti kwa 96. Ncha mbili zikishakuwa imara, ndipo mfanye ngazi inayoziunganisha: kwanza kayamba na ngoma peke yake, halafu besi, halafu sauti zote.

Metronomu iwasaidie kwenye ncha mbili, ila mkiwa katikati ya ngazi izimeni. Badala yake rekodini kwa simu na mpime baadaye. Kiitikio cha vipimo nane kina mapigo makubwa 16. Pima sekunde kutoka pigo la kwanza la kiitikio hadi pigo la kwanza la kinachofuata, kisha chukua 16, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde ulizopata. Kiitikio cha 96 kitachukua sekunde 10 kamili. Cha 108 kitachukua sekunde 8.9. Tuseme mmerekodi na kiitikio cha mwisho kimechukua sekunde 8.3. Mwendo wenu ulikuwa karibu 116, hatua nane juu ya mpango na hatua nne juu ya kikomo cha maneno. Sasa mnajua kwa nini yale maneno hayakusikika, na hakuna haja ya kulaumiana.

Pimeni pia beti ya kwanza. Siku ya sherehe kwaya karibu zote huanza juu ya mwendo wa mazoezi, kwa sababu mioyo inadunda haraka. Mkigundua mmeanza kwa 102 badala ya 96, kikomo hakisogei pamoja nanyi. Kinabaki 108, na ngazi inakuwa fupi: hatua sita badala ya 12. Mwalimu aamue palepale kwamba kiitikio cha kwanza kitabaki bila kupanda, na kazi ifanyike katika cha pili na katika vipimo vinne vya ngoma. Anayesahau hili huongeza hatua zake 12 juu ya 102 na kufika 114.

Mahali pake katika Misa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 112, unafundisha kwamba muziki mtakatifu unapimwa kwa jinsi unavyoungana na tendo la liturujia. Hilo linatupa jibu la swali la ni wimbo upi upandishwe. Bwana utuhurumie na Mwanakondoo hazina kazi ya namna hii. Wimbo wa shukrani na wimbo wa kutoka vinaibeba vizuri.

Wimbo wa matoleo unahitaji hesabu ya ziada, kwa kuwa unasindikiza maandamano. Kwaya ikianza kupanda wakati watoa matoleo wako katikati ya kanisa, itafika kileleni na kulazimika kurudia kiitikio mara kumi kwa mwendo wa juu, hadi sauti zote zikauke. Mwalimu aweke mtu wa kutazama mkia wa maandamano, na ngazi ianze pale wa mwisho wanapokaribia altare. Kama maandamano bado ni marefu, ongezeni beti kwa 96.

Namba 114 ya Konstitusio hiyohiyo inadai jambo lingine: kwamba kwaya zistawishwe, na waamini nao waweze kushiriki sehemu yao katika kuimba. Kwa hiyo kile kikomo tulichokipima kwa waimbaji wetu vijana bado ni cha kujaribiwa mara moja zaidi. Wakati wa kiitikio cha mwisho, mwalimu ageuke nusu awatazame waamini wazee walioketi mabenchi ya mbele. Midomo yao ikiwa inaendelea kutamka maneno, mwendo uko mahali pake. Ikiwa wamebaki kutabasamu na kuitazama kwaya, Jumapili ijayo shukeni hatua nne.